Kuandika Msiba kwa Kujizuia

Tukio la msiba ni gumu kuandika katika hadithi kwa sababu msomaji anajua mapema anachotakiwa kuhisi. Mtu amefariki, watu wamekusanyika, na kabla ya sentensi ya pili msomaji ameshajiandaa kuona machozi. Mwandishi akimpa machozi hayo moja kwa moja, anampa kitu alichokuja nacho mwenyewe. Kuandika kwa kujizuia ni njia nyingine. Msimulizi haitaji huzuni. Anafuata mikono ya wafiwa na shughuli za siku hiyo, na huzuni inajitokeza yenyewe pale kazi ndogo inapokwama au mtu anapokatizwa katikati ya jambo alilokuwa akilifanya.

Kujizuia huku ni kwa msimulizi, si lazima kuwe kwa wahusika. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki kulia kwa sauti ni sehemu ya kumzika mtu kwa heshima, na mwandishi anayewanyamazisha wanawake wote msibani ili hadithi yake ionekane tulivu atakuwa ameandika uongo. Mhusika anaweza kuanguka chini na kupiga yowe. Msimulizi ataandika kwamba alianguka, kwamba kiatu kimoja kilimtoka, na kwamba mtoto wa jirani alikiokota akabaki nacho mkononi bila kujua ampe nani. Hatasema kwamba moyo wa mama yule ulipasuka. Kilio kimo ndani ya tukio, lakini lugha inayokisimulia haikiongezei chochote.

Mwandishi wa Kirusi Anton Chekhov aliieleza kanuni hii mwaka 1892 katika barua kwa mwandishi mwenzake, Lidia Avilova. Alimshauri kwamba anapoandika habari za watu wenye dhiki na anataka msomaji awahurumie, aandike kwa ubaridi zaidi, kwa sababu ubaridi huo unaipa huzuni ya wahusika usuli wa kuonekania. Chekhov alikuwa daktari, na aliyasema hayo baada ya kuyatekeleza mwenyewe. Miaka sita kabla ya barua hiyo, mwaka 1886, alikuwa ameandika hadithi fupi iitwayo "Toska", neno la Kirusi la huzuni nzito, ambayo mpaka leo ni mfano mzuri wa huzuni inayojengwa kwa kukatizwa.

Hadithi hiyo inamhusu Iona Potapov, mzee anayeendesha gari la theluji la kukodi mjini Petersburg. Mwanawe amefariki wiki hiyo hiyo. Abiria wa kwanza ni afisa wa jeshi. Iona anageuka, anamwambia kwamba amefiwa na mwana, na afisa anauliza alikufa kwa ugonjwa gani. Iona anaanza kujibu, lakini sauti inamfokea gizani kwa kwenda ovyo, afisa anamhimiza aende haraka, na alipogeuka tena afisa ameshafumba macho. Wanafuata vijana watatu wanaogombana wao kwa wao, na mmoja anamjibu kwamba wote tutakufa. Usiku, kwenye nyumba ya kulala waendesha magari, kijana mmoja anaamka kunywa maji. Iona anaanza kumwambia, na kijana anajifunika kichwa na kulala tena. Mwishowe mzee anakwenda kwenye zizi na kumsimulia farasi wake.

Hakuna aliyemtendea Iona ukatili mkubwa. Kila mmoja ana shughuli yake, na shughuli hiyo ni ya kawaida kabisa. Lakini kila anapokatizwa, lile asilolisema linabaki kwa msomaji, na likirudi tena linakuwa limeongezeka uzito. Mzee angepata msikilizaji kwenye ukurasa wa kwanza, hadithi ingekwisha hapo hapo. Hii ndiyo kazi ya ukatizaji: unaizuia huzuni isitoke, na msomaji anakuwa yeye pekee anayeijua yote.

Katika Kiswahili, maombolezo yana historia ndefu zaidi kwenye ushairi kuliko kwenye nathari. Mshairi wa mbolezi humwita marehemu kwa jina, husema naye na hutaja uchungu wake waziwazi. Shaaban Robert alifanya hivyo katika shairi la "Amina", alilomtungia mkewe aliyefariki, na hakuna anayeliona shairi hilo kuwa limepita kiasi. Sababu ni kwamba ushairi wa kimapokeo una kizuizi chake ndani ya umbo. Vina na mizani humlazimisha mtunzi kupima kila neno, kwa hiyo uchungu ukisemwa waziwazi bado unakuwa umeshikwa. Nathari haina vina wala mizani. Mwandishi wa hadithi anayechukua sauti ya mbolezi na kuimwaga katika aya hupata maneno mazito yasiyo na kitu cha kuyashika. Anahitaji kizuizi kingine, na msiba wenyewe unacho: ni utaratibu wake.

Mazishi ya Waislamu wa pwani yanafaa kuonyesha jambo hili kwa sababu hatua zake zinajulikana na hazisubiri. Maiti huoshwa na watu wa jinsia yake, mara nyingi ndugu wa karibu wakiongozwa na mwosha maiti mwenye uzoefu. Maji huteka watu, mengine hutiwa majani ya mkunazi, na ya mwisho hutiwa kafuri. Sanda hukatwa, vipande vitatu kwa mwanamume na vitano kwa mwanamke. Wanaume hubeba jeneza, wakipokezana mabegani njiani, huku wanawake kwa desturi wakibaki nyumbani. Swala ya maiti huwa na takbira nne bila rukuu wala sijida. Kaburini, maiti hulazwa kwenye mwanandani, ubao au mawe huzibwa juu yake, na waliohudhuria hutupa udongo konzi tatu tatu. Kisha hufuata siku za matanga, hitima, na kwa mjane, eda ya miezi minne na siku kumi.

Kwa mwandishi, orodha hii ina faida mbili. Ya kwanza ni kwamba kila hatua ina kazi ya mikono: kuchemsha, kuteka, kukata, kushona, kubeba, kuzoa, kupakua. Mfiwa ana sababu ya kushika kitu, na kitu hicho kinaweza kuwa na historia. Ya pili ni kwamba utaratibu huu unakwenda kwa haraka na unahitaji watu wengi, kwa hiyo haukosi vikatizo. Sanda haitoshi. Gari la jeneza limeegeshwa mtaa usio wake. Mtu wa kutoka mbali amepiga simu anaomba asubiriwe. Masufuria yamekuja bila mifuniko. Hakuna haja ya kubuni ajali. Msiba wa kawaida una mahitaji madogo ya kutosha kumkata mtu kauli kila dakika chache.

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya makala haya. Mji ni mdogo, wa pwani, kwa mfano Pangani. Mama amefariki alfajiri. Binti yake mkubwa, Mwanaidi, amekuja kutoka nyumba ya pili. Rasimu ya kwanza ya mwandishi inaweza kuwa hivi:

"Mwanaidi alihisi dunia imemgeuka. Moyo wake ulichomwa na mkuki wa huzuni usio na kifani. Machozi yalimtiririka kama mvua ya masika huku akikumbuka mapenzi yote aliyopewa na mama yake tangu utotoni. 'Mama! Mama yangu! Umeniachia nani?' alilia kwa uchungu mkubwa. Nyumba nzima ilizizima. Alijua kwamba maisha yake hayatakuwa kama zamani tena."

Hakuna kosa la sarufi hapa, na hakuna jambo ambalo mfiwa asingeweza kulihisi. Tatizo ni kwamba aya hii ingeweza kuwekwa kwenye msiba wowote. Ukibadilisha jina la Mwanaidi na kuweka jina lingine, ukabadilisha mama na kuweka kaka, hakuna kitakachovunjika. Msomaji hajui mama huyu alikuwa nani, na hawezi kumlilia mtu asiyemjua. Maneno "mapenzi yote" yanadai kitu ambacho hadithi haijakionyesha.

Ili kuiandika upya, mwandishi hana budi kurudi nyuma kabla ya msiba. Anahitaji jambo moja kuhusu mama ambalo msomaji ameliona akiwa hai. Tuseme katika kurasa za mwanzo, mama huyu alikuwa na kabati la sukari analolifunga, na ufunguo wake aliufunga kwenye pindo la kanga pamoja na pesa za matumizi madogo. Fundo lake lilikuwa gumu. Watoto wakitumwa dukani walisimama wakingoja huku yeye akilifungua taratibu, na kila mmoja wao aliwahi kulalamika. Jambo hili lilitajwa mara mbili, kwa ufupi, bila kuonyesha kwamba lina umuhimu. Sasa tukio la msiba linaweza kuandikwa:

"Mwosha maiti alifungua mlango kidogo, akatoa mkono. 'Shika, mwanangu. Zitafuliwa.'

Zilikuwa kanga mbili na gauni. Mwanaidi akazipokea, akakaa nazo kwenye kigoda ukumbini.

Bi Zuhura akaja kutoka uani, anafuta mikono. 'Mwanaidi, pole tena, mama. Sukari hatuioni. Kabati limefungwa, na wanaume wameshaanza kuingia.'

'Ufunguo anao mama,' Mwanaidi alisema.

Bi Zuhura akatazama chini.

Mwanaidi akaigeuza kanga ya juu, akalitafuta pindo. Fundo lilikuwepo. Akaanza kulifungua kwa kucha. Halikulegea. Akaligeuza upande wa pili.

'Nikuletee mkasi?'

'La.'

Mjomba akaingia kutoka barazani na karatasi. 'Wanataka mwaka wa kuzaliwa, cha kuandika kwenye kibali.'

'Arobaini na nane.'

'Na mwezi?'

'Mwezi alikuwa haujui.'

Mjomba akaegemeza karatasi ukutani, akaandika, akatoka. Mwanaidi akalitia fundo menoni, akalivuta. Likalegea. Ndani mlikuwa na ufunguo na noti ya elfu mbili iliyokunjwa mara nne. Akampa Bi Zuhura ufunguo.

'Na hiyo?'

'Ya mkaa.'

Bi Zuhura akaenda. Mwanaidi akairudisha noti kwenye pindo, akaanza kulifunga tena. Alikuwa amelizungusha mara moja tu mlango wa chumba ulipofunguliwa.

'Maji, jamani. Maji yamekwisha.'

Akainuka."

Katika rasimu hii hakuna hata neno moja la huzuni. Hakuna chozi, hakuna moyo, hakuna uchungu. Neno "pole" limetajwa, lakini ni salamu ya msibani, na Bi Zuhura analitumia akiwa njiani kuomba sukari. Hata hivyo msomaji aliyemwona mama akilifunga fundo lile hawezi kusoma mpaka mwisho bila kuguswa. Namna hilo linavyotendeka inaweza kuelezwa hatua kwa hatua.

Kwanza ni uteuzi wa tendo. Kufungua fundo ni kazi ndogo na ya lazima: wageni wanahitaji chai, chai inahitaji sukari. Mwanaidi hakuchagua kushika kanga ya mama yake ili amkumbuke. Alitumwa na shughuli. Hii ni tofauti kubwa. Mhusika anayefungua sanduku la picha siku ya msiba na kuanza kuzitazama moja moja ameletwa hapo na mwandishi, na msomaji anaona mkono wa mwandishi. Anayetafuta ufunguo ameletwa na mahitaji ya nyumba. Huzuni inamkuta akiwa kazini, kama inavyowakuta watu wengi.

Tendo lenyewe pia limebeba alama ya marehemu. Fundo lile ndilo jambo la mwisho ambalo mikono ya mama ilifanya na bado lipo kama alivyoliacha. Kulifungua ni kuliondoa. Mwandishi halisemi hilo, lakini analijua, na ndiyo maana mkasi ulipotajwa jibu lilikuwa neno moja. Kama Mwanaidi angeeleza kwa nini hataki mkasi, maelezo yangekuwa ya kweli na tukio lingekufa. Jibu fupi linamfanya msomaji atafute sababu mwenyewe, na sababu aliyoitafuta mwenyewe ndiyo inayomgusa.

Pili ni mahali pa vikatizo. Vipo vitatu: sukari, kibali cha mazishi na maji. Kila kimoja kimewekwa pale ambapo msomaji anatarajia hisia ifunguke. Bi Zuhura ameulizia mkasi, Mwanaidi amekataa, na hapo mwandishi asiye makini angemwacha alie. Badala yake mjomba anaingia na karatasi. Kikatizo hiki hakileti tu usumbufu, kinaongeza habari. Katika mistari minne tunajua umri wa mama, tunajua ni mtu wa kizazi kisichoandikiwa mwezi wa kuzaliwa, na tunajua kwamba mjomba, ambaye huenda ni ndugu wa marehemu, naye amejishikiza kwenye karatasi yake. Kikatizo kizuri lazima kiwe na haja ya kweli nyuma yake. Mtu anayeingia na kutoka bila sababu, au simu inayoita kisha ikanyamaza, ni kelele tu.

Kikatizo cha mwisho kina kazi tofauti. Kinalivunja tendo kabla halijakamilika. Mwanaidi hapati nafasi ya kumaliza kulifunga fundo upya. Angelimaliza, tukio lingekuwa na ishara iliyotimia, na msomaji angeiona kama pambo. Likiachwa nusu, linabaki kuwa kitu alichokuwa akikifanya mtu ambaye bado hajajua la kufanya.

Tatu ni kauli "Ufunguo anao mama". Hapa Mwanaidi anamsema mama yake kama mtu aliye hai, mwenye kushika vitu na kuweza kuulizwa. Hajirekebishi, na Bi Zuhura hamrekebishi. Anatazama chini tu. Watu wengi waliofiwa hupitiwa hivi siku za mwanzo, na kauli ya aina hii inasema zaidi ya aya nzima ya kumbukumbu. Lakini inafaa mara moja katika hadithi nzima. Ikirudiwa, msomaji anaanza kuisubiri, na kitu kinachosubiriwa hakishtui.

Sarufi ya Kiswahili inamsaidia mwandishi hapa. Kiambishi "ka" cha masimulizi hufuatanisha matendo bila kueleza uhusiano wake: akazipokea, akakaa, akaigeuza, akalitafuta. Hakuna "kwa sababu", hakuna "kwa huzuni". Kila tendo linasukuma linalofuata, na mkondo huo una utulivu wake. Kwa kuwa mkondo ni mmoja, palipo na badiliko pataonekana. "Halikulegea" ni sentensi ya neno moja, ya kukanusha, katikati ya matendo yanayokwenda, na msomaji anajikwaa hapo pamoja na Mwanaidi. Mwandishi anayejaza vielezi kama "taratibu", "kwa majonzi" au "kwa mikono inayotetemeka" anauvunja mkondo huo kila mara, kwa hiyo hana tena njia ya kuonyesha ni wapi pana uzito.

Maneno ya msibani yanahitaji uangalifu wa aina hiyo hiyo. "Poleni na msiba", "Mungu amempenda zaidi", "ndiyo njia yetu sote" ni kauli ambazo watu huzisema kwa dhati, na mwandishi hana sababu ya kuzikwepa. Zinafaa zaidi zinapotumika kama wanavyozitumia watu, yaani kwa haraka, mlangoni, na nyingine zikikatwa na jambo jingine. Mtu anasema "Mungu amempenda" huku akitafuta pa kuacha viatu. Kauli ikiwekwa mahali pa heshima, mwisho wa aya, kama vile ndiyo hekima ya tukio, msomaji ataiona kuwa mwandishi amekosa la kusema.

Njia hii haifungamani na pwani wala na mazishi ya Kiislamu. Msiba wa Kikristo mjini, wa kuchukua mwili hospitali, kuuaga, ibada na safari ya kwenda kuzika kijijini, una kazi na vikatizo vya aina yake. Kuna kamati, daftari la michango, sare za kitenge zilizoshonwa usiku, mshereheshaji mwenye kipaza sauti, mpiga picha anayeomba familia isogee karibu na jeneza. Kijana anayesoma wasifu wa baba yake anafika mahali palipoandikwa idadi ya watoto, anaona kwamba waliouchapa wameacha jina moja, na hapo kipaza sauti kinakatika. Fundi anakuja kuutikisa waya. Kijana anasubiri na karatasi mkononi, akiwa na kalamu ambayo hajui aitumie au asiitumie. Hapo napo mahitaji ya shughuli ndiyo yanayoifanya huzuni ionekane, na haihitaji kutajwa.

Makosa ya njia hii nayo yanafahamika, na mwandishi anaweza kuyagundua katika rasimu yake. La kwanza ni ubaridi mtupu. Mwandishi ameondoa maneno yote ya hisia lakini hakuweka chochote mahali pake, na sasa wahusika wanatembea msibani kama wageni wa hoteli. Dalili yake ni kwamba ukimpa msomaji tukio hilo peke yake, hawezi kukuambia ni nani aliyefiwa zaidi. Dawa si kurudisha machozi. Dawa ni kurudi kwenye kurasa za mwanzo na kuangalia kama marehemu aliwahi kuonekana akifanya jambo lake mwenyewe. Fundo la pindo lisingekuwa na maana yoyote kama msomaji hakuwahi kulisubiri lifunguliwe mama akiwa hai. Katika uandishi wa aina hii, sehemu kubwa ya kazi hufanyika mbali na tukio la msiba.

Kosa la pili ni kurundika vitu. Mwandishi akishagundua kwamba fundo linafanya kazi, anatamani kuongeza miwani ya mama kwenye meza, kandambili zake mlangoni, kikombe chake chenye ufa na radio aliyoiacha ikiwa imewashwa. Kila kimoja ni kizuri, lakini vikiwa vitano vinagombania nafasi, na msomaji anahisi anatembezwa kwenye maonyesho. Tukio fupi linatosheka na kitu kimoja kikuu, na kingine kidogo cha kukisaidia. Katika mfano wetu, kikuu ni fundo. Noti ya mkaa inalisaidia kwa kuonyesha kwamba marehemu alikuwa na mpango wa kesho, na inafanya hivyo kwa maneno mawili.

Kosa la tatu ni sentensi ya ziada mwishoni. Mwandishi amevumilia ukurasa mzima, kisha anaogopa kwamba msomaji hakuelewa, anaongeza: "Wakati huo ndipo alipotambua kwamba mama hatarudi tena." Sentensi hiyo inabatilisha yote yaliyotangulia, kwa sababu inamwambia msomaji kwamba kazi aliyoifanya ya kuelewa haikuhitajika. Jaribio lake ni rahisi: ifute sentensi ya mwisho ya tukio na usome upya. Kama hakuna habari iliyopotea, haikustahili kuwepo. Katika mfano wetu, "Akainuka" linabaki kwa sababu ni tendo. Bila hilo hatujui kama alikwenda au alibaki na kanga.

Kosa la nne ni kukosea utaratibu wenyewe. Mwandishi anayempeleka Mwanaidi makaburini katika mji ambao wanawake kwa desturi hubaki nyumbani, au anayeifanya swala ya maiti iwe na sijida, anampoteza msomaji anayeujua msiba. Msomaji huyo anaacha kumfuata mfiwa na kuanza kumsahihisha mwandishi. Kwa kuwa njia hii inategemea matendo madogo, kila tendo lazima liwe sahihi. Desturi pia hutofautiana kati ya mji na mji na kati ya madhehebu na madhehebu, kwa hiyo mwandishi hunufaika zaidi akimuuliza mwosha maiti au mchimba kaburi wa mahali hadithi inapotokea kuliko akitegemea alichokumbuka kutoka misiba ya kwao.

Mwisho, kujizuia hakufai kila mahali katika hadithi. Msiba ukiwa umesimuliwa kwa utulivu sura nzima, huenda likahitajika tukio moja ambamo mtu anasema waziwazi alichokuwa nacho. Chekhov hakumnyima Iona nafasi hiyo. Mzee anasimulia yote, ila msikilizaji wake ni farasi, na hadithi inaishia anapoanza. Katika riwaya ya Mwanaidi, nafasi hiyo inaweza kuja miezi kadhaa baada ya arobaini, kwenye ugomvi na nduguye juu ya kabati la sukari litakwenda nyumba ya nani. Siku hiyo anaweza kupiga kelele, na msomaji atajua kwamba ugomvi haukuwa wa kabati. Kelele hiyo itakuwa na nguvu kwa kiasi ambacho mwandishi aliizuia siku ya mazishi, na ndiyo sababu ya kupanga tangu mwanzo ni wapi katika kitabu huzuni itafanya kazi kimya na ni wapi itaruhusiwa kusema.